Gari la Ubalozi Likiua, Nani Hulipa?

Bahasha niliyoletewa barazani mwaka jana ilikuwa ya kaki, imekunjwa mara mbili, na ndani yake mlikuwa na vitu vinne tu: cheti cha kifo, abstrakti ya polisi, stakabadhi ya hospitali, na picha ya gari jeupe lenye herufi CD kwenye kibao chake cha namba. Aliyeileta ni ami yake marehemu, mzee wa rika langu, ambaye tulisoma naye chuoni utotoni tukigombea juzuu moja. Alikaa kitako, akanywa kahawa yake kimya, kisha akasema, “Maalim, wewe husoma mambo haya ya serikali. Hebu tutazamie kama pana haki yoyote hapa, au ndiyo basi.”

Kisa chenyewe ni kifupi. Marehemu alikuwa mchuuzi wa samaki, mtu wa miaka 40, ambaye kila alfajiri alipanda baiskeli yake na tenga nyuma kwenda kupokea mali kwa wavuvi. Asubuhi moja, kwenye barabara ya Mombasa kwenda Malindi, karibu na Kikambala, gari la ubalozi mmoja wa Nairobi lilikuwa likiwapeleka wageni hoteli ya ufukweni. Lilitaka kulipita lori mahali ambapo mbele hapaonekani, likatoka upande wake na kumkumba mchuuzi yule upande wa pili, akiwa ukingoni mwa lami. Alifika hospitali hai, akafa kabla ya Adhuhuri. Aliacha mke, watoto wanne na mama mzazi.

Ndugu zake walipokwenda stesheni ya polisi, mtu mmoja aliyekuwa mezani aliwaambia neno ambalo waliliamini mara moja: “Gari hili ni la CD. Ubalozi haushitakiwi.” Wakarudi nyumbani, wakasoma hitima, wakaiweka bahasha sandukuni. Nilipoifungua mimi, miaka 4 ilikuwa imepita.

Basi nataka leo, msomaji, tulipime neno lile waliloambiwa, kwa sababu si la uongo kabisa, na si la kweli kabisa, na neno la namna hiyo huwaponza watu kuliko uongo mtupu.

Kwamba mjumbe ana himaya si jambo geni kwetu. Sote tulifundishwa jinsi wajumbe wa Musailima walivyofika mbele ya Mtume (s.a.w.) na maneno ya kufru vinywani mwao, wakaachwa warudi salama kwa kuwa wajumbe hawauawi. Dunia ya leo imeliandika jambo hilo katika Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961, na Kenya imeutia ndani ya sheria zake kwa Sheria ya Haki na Kinga za Kibalozi, Sura ya 179. Lakini tazama himaya ile ilikuwa ya nini. Ilikuwa ya kumlinda mjumbe asidhuriwe kwa sababu ya ujumbe wake. Wanazuoni walioandika juu ya mgeni aliyeingia nchini kwa amani walimhesabu kuwa yumo katika dhima ya haki za watu: akiharibu mali ya mtu, analipa. Himaya ni kitu kimoja na deni ni kitu kingine.

Na wazungu nao walifika hapo hapo kwa njia yao. Mjini London, dereva wa katibu wa kwanza wa ubalozi wa Peru alimgonga mtu kwa gari. Mkuu wa ubalozi alikubali katibu wake ashitakiwe, na hukumu ikatoka kwamba alipe. Kampuni ya bima ikageuka ikasema: bwana huyu ana kinga, kwa hivyo hakuwa na deni lolote kisheria, na sisi tulimkatia bima ya madeni ya kisheria tu; hatutoi kitu. Jaji Mkuu alilikataa dai hilo. Alieleza kwamba kinga haimtoi mwanadiplomasia katika sheria ya nchi. Humtoa mikononi mwa mahakama tu, na pale kinga inapoondolewa deni huonekana lilikuwapo tangu siku ya ajali. Bima ikalipa. Mawakili mpaka leo huitaja kesi hiyo, iitwayo Dickinson na Del Solar.

Shikilia jambo hilo: deni lipo, kinachozuiwa ni mlango mmoja wa kulidai. Swali basi ni kama pana mlango mwingine, na jibu lake linategemea ni nani aliyekuwa ameshika usukani.

Akiwa ni mwanadiplomasia mwenyewe, yaani balozi, katibu, mwambata na kadhalika, mlango umefungwa kwa komeo mbili. Hashikwi wala hashitakiwi kwa jinai. Katika madai ya fedha nako hashitakiwi, isipokuwa kwa mambo matatu: ardhi au nyumba yake ya binafsi, mirathi, na biashara au kazi ya pembeni isiyo ya ubalozi. Ajali ya barabarani haimo katika hayo matatu. Waliotunga mkataba hawakusahau kuwa magari huua. Mwaka ule ule wa 1961 walipitisha azimio la kuzihimiza serikali ziwaondolee watu wao kinga katika madai ya raia pale ambapo kazi ya ubalozi haitavurugika, na zisipofanya hivyo zijitahidi kuleta suluhu ya haki. Lakini azimio ni nasaha. Mahakama haiwezi kumlazimisha mtu kwa nasaha.

Nairobi iliyaona hayo Julai 2013. Afisa wa ubalozi wa Marekani, ambaye si dereva wa kuajiriwa bali afisa mwenyewe akiendesha gari, aligongana na matatu iliyojaa watu. Kwa maelezo ya polisi yaliyochapishwa wakati ule, alikuwa amevuka mstari wa kati. Baba wa watoto watatu alifariki, na mkewe alikuwa mja mzito. Siku ya pili afisa yule na aila yake walikuwa wameondoka Kenya. Kwa mtu wa daraja hiyo, njia zilizobaki ni mbili, na zote ziko mikononi mwa watu wengine. Ya kwanza ni serikali yake kumvua kinga, kama Georgia ilivyofanya mwaka 1997 baada ya mwanadiplomasia wake mmoja aliyekuwa amelewa kumuua msichana wa miaka 16 mjini Washington. Huyo alikiri kosa na Desemba mwaka ule akahukumiwa kifungo cha miaka 7 hadi 21. Ya pili ni kumfuata kwao, kwa kuwa kinga haimkingi mbele ya mahakama za nchi yake mwenyewe. Wazazi wa kijana wa miaka 19 aliyegongwa akiwa kwenye pikipiki huko Uingereza mwaka 2019, na mama wa Kimarekani aliyeondoka kwa himaya ya kazi ya mumewe, walikwenda kumshitaki Virginia, na mwaka 2021 wakafikia suluhu. Lakini kesi ya Marekani yataka wakili wa Marekani na subira ya Ayubu. Mke wa mchuuzi wa samaki ataanzia wapi?

Sasa turudi Kikambala, kwa sababu hapo mambo si hayo.

Gari la marehemu wetu liliendeshwa na dereva wa kuajiriwa. Mkataba wa Vienna umewagawa watu wa ubalozi katika madaraja, na dereva yumo katika daraja la watumishi pamoja na bawabu na mpishi wa ubalozi. Akiwa ameletwa kutoka nchi ya ubalozi wenyewe, ana kinga kwa matendo ya kazini tu. Akigonga mtu Jumapili akitoka matembezini kwake, hana. Lakini akiwa ni raia wa Kenya, au mkaazi wa kudumu wa hapa, hana kinga yake mwenyewe ila ile ambayo Kenya itapenda kumpa. Linalotakiwa ni kwamba nchi isitumie mamlaka yake juu yake kwa namna ya kuizuia kazi ya ubalozi bila sababu. Kumshitaki dereva kwa kusababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari si kuuzuia ubalozi kufanya kazi. Ni kosa la Sheria ya Trafiki, na adhabu yake hufika kifungo cha miaka 10.

Nilimwuliza mzee mwenzangu, “Dereva mwenyewe alikuwa nani?” Akashangaa kwa swali langu. “Dereva? Kijana wetu tu. Mzaliwa wa Changamwe. Alikuja matangani siku ya tatu, akalia mpaka tukambembeleza sisi wafiwa. Mama marehemu alimwambia, mwanangu, ilikuwa ni ajali yake imefika.”

Nilizichukua karatasi zile nikazitazama tena. Katika abstrakti, jina la dereva lilikuwapo, na namba ya leseni yake, na chini yake jina la kampuni ya bima ya hapa nchini pamoja na namba ya cheti. Yote yaliyotakiwa yalikuwa mle sandukuni kwa miaka 4.

Nieleze kwa nini. Sheria ya bima ya magari kwa ajili ya watu wa tatu, Sura ya 405, yataka kila gari liwe na bima ya kumlipa mtu anayeumizwa au kuuawa nalo. Hukumu ikitoka dhidi ya mtu ambaye bima hiyo inamhusu, kampuni hulazimika kumlipa mdai moja kwa moja, hata kama ina ugomvi wake na mwenye gari. Na bima hizi, kwa kawaida, hazimhusu mwenye gari peke yake. Humhusu na dereva aliyeruhusiwa kuliendesha. Basi hukumu dhidi ya ubalozi huenda isipatikane, kwa sababu ya kinga. Hukumu dhidi ya dereva Mkenya yaweza kupatikana, na ikipatikana, anayetoa fedha si yule kijana wa Changamwe na mshahara wake. Ni kampuni ya bima, ambayo haina ubalozi wala bendera, na ofisi yake iko kwenye barabara kuu ya mjini na mlango wake wafunguliwa saa mbili asubuhi.

Ndugu za marehemu hawakumshitaki dereva kwa kuwa walimhurumia. Huruma yao sikuilaumu. Lakini waliokolewa kwa huruma ile ni wenye bima, ambao hawakuja matangani.

Tufanye hesabu, maana watu wengi hudhani ni fedha za kujaliwa tu. Mchuuzi yule, akitoa gharama zake, alibakiwa na kama shilingi 30,000 kwa mwezi. Mahakama zetu huchukua kwamba mtu mwenye mke na watoto hutumia thuluthi moja juu ya nafsi yake na thuluthi mbili juu ya nyumba yake. Basi nyumba ilipata 20,000 kwa mwezi, yaani 240,000 kwa mwaka. Kisha jaji hukadiria miaka ambayo marehemu angaliendelea kuchuma, akaipunguza kwa ajili ya mitihani ya dunia. Kwa mtu wa miaka 40, miaka 15 si makadirio ya ajabu. Mara 15 ni shilingi 3,600,000. Huongezwa gharama za maziko, na kiasi kwa ajili ya maumivu aliyoyapata kuanzia alfajiri hadi Adhuhuri na kwa umri uliokatika.

Hapa ndipo kinga inaporudi tena, kwa mlango wa nyuma. Sheria ile ile ya Sura ya 405 imeweka kikomo: bima hailazimiki kulipa zaidi ya shilingi 3,000,000 kwa mdai mmoja. Zile 600,000 na ziada zake ni deni la dereva mwenyewe na la mwajiri wake. Dereva hana. Mwajiri anayo, lakini mwajiri ni dola ya kigeni.

Je, dola ya kigeni yaweza kushitakiwa Kenya kwa ajali? Mahakama ya Rufani ilikutana na swali hili mwaka 1983. Mtu mmoja aliumizwa katika ajali na gari la jeshi la Uingereza lililokuwa hapa kwa mazoezi, akaishitaki Wizara ya Ulinzi ya Uingereza. Mahakama ilikubali kwamba kinga ya dola si ya kila kitu: dola ikifanya biashara kama mfanyabiashara, itajibu kama mfanyabiashara. Lakini mazoezi ya jeshi, ilisema, ni kazi ya kidola khasa, na kwa hivyo mdai hakuweza kuendelea. Walitazama lengo la safari, hawakutazama tendo lenyewe.

Mahakama Kuu ya Austria, mjini Vienna kwenyewe, ilikuwa imelitazama upande wa pili mwaka 1961. Gari la ubalozi wa Marekani lilikuwa limekwenda kuchukua barua, likagongana na gari la raia. Ubalozi ukasema barua ni kazi ya dola. Mahakama ikajibu kwamba dereva anayepita njiani hafanyi jambo la kidola hata akiwa amebeba nini. Anatumia barabara kama mtu mwingine yeyote, na amefungwa na sheria zile zile za barabarani. Dai likaruhusiwa. Uingereza na Marekani nazo zimekwisha kuandika katika sheria zao kwamba dola ya kigeni itajibu kwa kifo au jeraha lililotendeka ndani ya nchi yao. Kenya haina sheria kama hiyo. Tuna maamuzi ya mahakama tu, na ule wa 1983 ungali ukitajwa. Kwa maoni yangu, kuwapeleka wageni hotelini si mazoezi ya jeshi, na wakili hodari angeweza kuzitenga kesi hizi mbili. Lakini pia wakili wa upande wa pili angeweza kusema kwamba hata kumshitaki dereva ni kuishitaki dola kwa kupitia dirishani, kwa kuwa alikuwa kazini. Hilo nalisema wazi ili mtu asiingie akidhani njia ni nyeupe. Jibu lake limo katika maneno ya Vienna ya 1961, na katika ukweli kwamba mkataba wenyewe umemnyima dereva mwenyeji kinga ya daraja lake. Isitoshe, ubalozi wenye bima una sababu ndogo ya kupigana, maana fedha si zake.

Kwetu huku Mombasa kuna jambo jingine linalofaa kujulikana. Balozi ziko Nairobi. Zilizoko hapa ni balozi ndogo, na baadhi ya mabalozi wadogo ni wafanyabiashara wa hapa hapa waliopewa heshima hiyo. Hao wana mkataba wao mwingine, wa mwaka 1963, na mkataba huo umetaja waziwazi kwamba kinga ya balozi mdogo haizuii dai la madhara yaliyoletwa na ajali ya gari, chombo cha baharini au ndege. Umewataka pia wafuate sheria ya bima ya nchi waliyomo. Kwa hivyo ukiona ajali ya gari la balozi mdogo, usikubali kuambiwa habari za ubalozi mkubwa. Magari ya mashirika ya dunia nayo yana mapatano yake mbali, sitayaingia leo.

Sasa yaliyowapasa wale jamaa, na yatakayompasa mwingine. La kwanza ni ushahidi wa mahali pale pale. Gari la ubalozi halipekuliwi wala halikamatwi bila ruhusa ya wenyewe, kwa hivyo usitegemee kwamba litakaa uwanjani kwa polisi mpaka breki zake zikaguliwe. Laweza kuondoka siku ile ile. Kinachobaki ni alama za tairi, picha, mchoro wa polisi, na watu walioona; majina yao yachukuliwe kabla hawajatawanyika, na namba ya kitabu cha matukio cha stesheni iandikwe. Halafu abstrakti isomwe. Nani dereva, raia wa wapi, bima ipi? Dereva akishitakiwa kwa jinai na akapatikana na hatia, hukumu hiyo ikishakuwa ya mwisho, hatia yake haibishaniwi tena katika kesi ya fidia, na nusu ya safari imekwisha.

La pili ni karatasi ya usimamizi. Kesi ya marehemu hufunguliwa na msimamizi wa mali yake. Kama hakuna aliyeifungua kwa miezi 6, wategemezi wanaweza kuifungua wenyewe. Hapa watu wetu huchanganyikiwa, na si ajabu, kwa kuwa fedha hizi ni mafungu mawili yasiyofanana. Fungu la maumivu na umri uliokatika ni mali ya marehemu. Hilo huingia katika mirathi na kugawanywa kama kadhi atakavyogawa. Fungu kubwa, lile la utegemezi, si mirathi. Ni la mke au mume, wazazi na watoto, kwa kadiri walivyomtegemea, na mahakama ndiyo hugawa. Ndugu wa marehemu hawamo. Nimeona baraza zikivunjika kwa kutojua hilo, kila mmoja akitoa kitabu chake cha faraidhi. Wala fungu hili si diya kamili kama tunayoisoma katika fikihi ya kuua kwa kukosea, ingawa yanakaribiana kwa kuwa yote mawili ni haki ya waliofiwa, na kuyapokea si kuuza damu ya mtu.

La tatu ni taarifa kwa kampuni ya bima. Bila taarifa ya maandishi, kampuni yaweza kuikimbia hukumu, kwa hivyo wakili mwangalifu huipeleka kabla hata ya kufungua kesi, na huweka ushahidi wa kupokewa kwake. Na hati za kesi zisipelekwe mlangoni kwa ubalozi na karani wa mahakama. Nyumba ile haiingiliki. Barua kwa ubalozi, ya kuomba uondoe kinga au ulipe ile ziada, hupitia Wizara ya Mambo ya Nje, na ndani yake litajwe lile azimio la 1961. Serikali zingine hulipa kwa njia hii, lakini huita malipo hayo hisani, bila kukiri kosa, na hutaka sahihi.

Sahihi hiyo ndiyo inayonitia khofu. Mtu mwenye suti huja na bahasha ya shilingi laki moja au mbili, na karatasi ya Kiingereza yenye mstari mmoja wa kwamba mpokeaji hana dai tena juu ya ubalozi, watumishi wake wala wenye bima wake. Mjane yumo edani, nyumba ina wageni, mchele umekwisha. Hutia sahihi. Kwa mstari ule amekwisha kuiacha ile milioni tatu. Karatasi ya namna hiyo isitiwe sahihi kabla wakili, au japo mtoto wa shule anayekijua Kiingereza sawasawa, hajaisoma yote kwa sauti.

La mwisho ni muda. Dai la fidia ya kifo hufa baada ya miaka 3. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, au hadi ajifungue kama ni mja mzito, nayo haisimamishi hesabu ya sheria hata kwa siku moja. Mahakama huongeza muda kwa mtu aliyefichwa jambo la maana asiweze kulijua, lakini kutojua sheria hakuhesabiwi kuwa ni kufichwa. Nilimpeleka mzee wangu kwa wakili mmoja hapa mjini, akatusikiliza vizuri, akaitazama tarehe, akatazama tena, kisha akairudisha ile bahasha mezani taratibu.

Yule dereva bado huja. Hafanyi kazi ubalozini tena, huendesha tuktuk. Kila Idi huleta sukari na unga kwa mama wa marehemu, na watoto humwita ami. Idi iliyopita nilimkuta pale, nikamweleza mambo ya cheti cha bima na jina lake katika abstrakti. Alinyamaza muda mrefu akichezea ufunguo wake. Kisha akamgeukia mjane akasema, “Dada, mngeniambia tu. Ningekuja mwenyewe mahakamani niseme nilipita lori pasipofaa.”